Waya wa mita 40 na swali la kurudi nyuma

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaonijia hapa Kisumu kwa tuisheni huwa hawana shida ya kutafuta inversi ya fanksheni. Wanabadilishana x na y, wanahangaika kidogo na mlinganyo, jibu linatoka. Shida huanzia sehemu ya pili ya swali: taja domeni na renji. Hapo wengi huandika "namba zote halisi" na kufunga daftari. Kwa mtu ambaye hajakutana na maneno haya, fanksheni ni kanuni inayopokea namba na kutoa namba moja, inversi ni ile inayoirudisha ilikotoka, domeni ni namba zote zinazoruhusiwa kuingia kwenye fanksheni, na renji ni namba zote zinazoweza kutoka. Maelezo mafupi tu, lakini ndiyo yanayowaangusha watu wenye akili timamu.

Mfano ninaoutumia siku hizi ulitoka kwa mwanafunzi mmoja wa Vihiga. Mama yake alikuwa na waya wa kuku wa mita 40, na alitaka kuzungushia bustani ya sukuma wiki ya umbo la mstatili kabla kuku hawajaimaliza. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa: miche mingapi itaenea humo ndani? Kijana alilileta kwangu kama mzaha. Mimi nililichukua kwa uzito, kwa sababu ndani yake kulikuwa na karibu kila kitu nilichokuwa nataka kumfundisha muhula ule.

Tuuite upana x. Waya ni mita 40, kwa hiyo upana mmoja na urefu mmoja kwa pamoja ni mita 20, na urefu ni 20 − x. Eneo la bustani ni

A(x) = x(20 − x) = 20x − x²

Sasa, domeni ni ipi? Ukiitazama 20x − x² peke yake, inakubali namba yoyote. Ipe −7, itakujibu. Ipe 1000, itakujibu pia. Lakini hakuna bustani yenye upana wa −7, na ukifika 20 urefu unakuwa sifuri. Kwa hiyo 0 < x < 20. Mara nyingi domeni hutoka mahali pawili: kwenye fomula, ambayo inaweza kukataa namba fulani, na kwenye jambo lenyewe linalopimwa. Mtihani husema la pili kwa maneno machache pembeni ya swali, na hayo maneno ndiyo watu huyaruka.

Kwa renji, tunarudi kwenye kitu cha kidato cha tatu: kukamilisha mraba. Wengi walikijua kama njia ya kutafuta x tu, kisha wakakisahau baada ya mtihani. Hapa kinafanya kazi nyingine kabisa:

A(x) = 100 − (x − 10)²

Kitu kilicho ndani ya mraba hakiwezi kuwa hasi, kwa hiyo tunatoa sifuri au zaidi kutoka 100. Eneo kubwa kabisa ni 100, na linapatikana x ikiwa 10. Ukisogea kutoka 10 kwenda upande wowote, eneo linapungua: upana wa 6 unatoa 84, na upana wa 14 unatoa 84 vilevile. Renji ni 0 < A ≤ 100.

Kabla hatujafika kwenye miche, nitie mtego hapa, kwa sababu ndiyo kosa ninaloliona zaidi ya yote. Tuseme shamba lina mtaro upande mmoja, kwa hiyo upana hauwezi kuzidi mita 12, na mama hataki upana wa chini ya mita 4. Domeni sasa ni kutoka 4 hadi 12. Renji je? Mwanafunzi atachukua namba za mwisho, A(4) = 64 na A(12) = 96, na kuandika "kutoka 64 hadi 96". Amekosa. Kati ya 4 na 12 kuna 10, na pale eneo ni 100. Renji ni kutoka 64 hadi 100. Kutumia namba za mwisho peke yake ni salama pale fanksheni inapopanda mfululizo au kushuka mfululizo ndani ya domeni yote. Kwa hiyo cha kwanza kuuliza ni kama kilele kiko ndani ya domeni. Kikiwa ndani, lazima kihesabiwe.

Haya, miche. Ukiipanda kwa nafasi ya nusu mita kila upande, kila mche unachukua robo ya mita ya mraba, yaani miche 4 kwa kila mita ya mraba. Idadi ya miche ni N(A) = 4A. (Ndiyo, miche haihesabiwi kwa nusu, jibu likiwa na desimali tunashuka hadi namba kamili. Kwa sasa tuache hilo.) Tukiziunganisha fanksheni mbili, tunaanza na upana, tunapata eneo, kisha eneo linatupa miche:

N(A(x)) = 400 − 4(x − 10)²

Hapa kuna jambo ambalo napenda kukaa nalo. N peke yake haina mpaka juu. Ipe eneo la mita za mraba 5000 itakupa miche 20,000. Lakini ikiwa nyuma ya A, haipati eneo lolote inalotaka. Inapata tu kile ambacho A inaweza kutoa, yaani hadi 100. Kwa hiyo renji ya fanksheni mbili zilizounganishwa si lazima iwe renji ya ile ya nje. Chukua domeni, ipitishe kwenye ya ndani uone kinachotoka, kisha kile kilichotoka ndicho ukipitishe kwenye ya nje. Mama wa Vihiga atapata miche isiyozidi 400, si 20,000, hata kama N inaonekana kuwa tayari kwa lolote.

Domeni nayo hufuata njia hiyohiyo kama mtu anayepita milango miwili. Namba lazima ikubaliwe na fanksheni ya ndani kwanza, halafu jibu lake likubaliwe na fanksheni ya nje. Ikikataliwa na mlango wowote, haimo. Kwenye bustani mlango wa pili haukatai chochote, ndiyo maana domeni ilibaki 0 < x < 20. Tutaona baadaye unapokataa.

Sasa turudi nyuma. Kijana aliporudi nyumbani alikuta mama yake ameshanunua miche 300. Swali likageuka: aweke upana gani ili miche yote ienee bila waya kubaki wala kupungua? Hiyo ndiyo inversi, na inaanzia mwisho. Fanksheni ya nje inafunguliwa kwanza: miche 300 kugawanya kwa 4 ni mita za mraba 75. Halafu ya ndani: eneo 75 linatokana na upana gani?

75 = 100 − (x − 10)²
(x − 10)² = 25
x = 10 ± 5

"Mwalimu, sasa nichukue ipi, 5 au 15?" aliniuliza kwa simu.

Swali hilo ndilo kiini cha kupunguza domeni. Fanksheni inaruhusiwa kutoa jibu moja tu kwa kila kinachoingia. Tukisema "75 irudi kuwa 5 na pia 15", hicho si fanksheni tena. A imepeleka namba mbili tofauti mahali pamoja, na hakuna fomula itakayojua ni ipi kati ya hizo mbili iliyotangulia kuja. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma tunakata domeni ya A ili kila eneo litokane na upana mmoja tu.

Tukate wapi? Kwenye kilele, x = 10. Upande wa kushoto fanksheni inapanda tu, upande wa kulia inashuka tu. Kwa bustani hii kuna bahati ambayo hesabu nyingi hazina: 5 kwa 15 na 15 kwa 5 ni bustani ileile, umezungusha kichwa tu. Tukikubaliana kwamba x ni upande mfupi, yaani 0 < x ≤ 10, hatujapoteza bustani hata moja. Inversi ya fanksheni zote mbili kwa pamoja inakuwa

x = 10 − √(100 − n/4)

ambapo n ni idadi ya miche. Ni alama ya kutoa, si ya kujumlisha. Watu wengi huandika jumlisha kwa mazoea, kwa sababu kwenye vitabu mfano wa kwanza karibu kila mara huchukua upande wa kulia. Namna ya kujua ni rahisi: kinachotoka kwenye inversi lazima kiangukie ndani ya domeni tuliyoikata. Kwa miche 300, kutoa kunaleta 5, ambayo iko chini ya 10. Kujumlisha kunaleta 15, ambayo tulishaitoa nje.

Domeni ya inversi hii haihitaji hesabu mpya. Ni renji ya fanksheni ya awali: 0 < n ≤ 400. Na renji yake ni ile domeni tuliyoikata: 0 < x ≤ 10. Zimebadilishana viti tu. Kama mama angenunua miche 450, tungepata 100 − 112.5 chini ya kipeuo, na kalkuleta ingeandika Math ERROR. Maana yake ni kwamba waya hautoshi, hata uukunje vipi ndani ya umbo la mstatili.

Laiti fomula zingekuwa zinalalamika hivyo kila mara. Turudi kwenye shamba lenye mtaro, ambapo upana ni kutoka 4 hadi 12. Hapa huwezi kuzungusha bustani, kwa sababu mtaro uko upande mmoja, kwa hiyo upana na urefu haviwezi kubadilishana. Upana wa 8 na wa 12 vyote vinatoa eneo la 96, lakini ni bustani mbili tofauti. Tunaweza kukata mara mbili kwa njia halali. Tukibakiza kutoka 4 hadi 10, maeneo yote kutoka 64 hadi 100 bado yanapatikana, na inversi ni 10 − √(100 − A). Tukibakiza kutoka 10 hadi 12, inversi ni 10 + √(100 − A), lakini maeneo yaliyobaki ni kutoka 96 hadi 100 tu. Zote mbili zina inversi. Ya kwanza imehifadhi renji nzima, ya pili imeipoteza karibu yote, na swali linaposema "domeni kubwa iwezekanavyo" linataka ile ya kwanza.

Sasa ujaribu kutumia ile ya pili kwa eneo la 70. Inatoa 10 + √30, karibu 15.48. Kalkuleta haikutoa kosa lolote. Jibu lina desimali nzuri, linaonekana la heshima. Lakini 15.48 iko ng'ambo ya mtaro. Eneo la 70 halimo kati ya 96 na 100, kwa hiyo hatukuwa na ruhusa ya kuliingiza, na hakuna kitu kwenye fomula chenyewe cha kutuambia hivyo. Ndiyo maana nawakata maksi wanaoandika inversi bila domeni, hata kama fomula ni sahihi. Wananiona mkali.

Ukimya huo wa fomula ndio unaoharibu pia maswali ya kuunganisha fanksheni. Chukua f(x) = x² + 1 na g(x) = √(x − 2), kisha utafute f(g(x)). Kipeuo kinapandishwa mraba, vinafutana, na unabaki na x − 2 + 1, yaani x − 1. Mstari mnyoofu mtupu. Mwanafunzi anautazama na kuandika: domeni, namba zote halisi. Lakini ukimpa 0, mlango wa kwanza ni g, na √(−2) haipo kwenye namba halisi. Haijalishi kwamba x − 1 ina jibu zuri la −1 kwa ajili ya sifuri, hatukufika huko. Domeni ni x ≥ 2. Renji tunaipata kwa kupitisha: g inatoa sifuri na kuendelea, ukiipandisha mraba na kuongeza 1 unapata 1 na kuendelea. Ni nusu mstari unaoanzia kwenye (2, 1), si mstari mzima.

Ukigeuza mpangilio, g(f(x)) = √(x² − 1), na hapa mlango wa pili ndio unaokataa. f inakubali kila namba, lakini g inataka isipewe chini ya 2, kwa hiyo x² + 1 ≥ 2, na hiyo inaacha x ≤ −1 au x ≥ 1. Vilevile f(x) = 1/(x − 1) ikiingizwa ndani yake yenyewe inarahisika kuwa (x − 1)/(2 − x). Fomula hiyo inakataa 2 tu, lakini 1 nayo imekwisha kukataliwa kabla, kwenye hatua ya kwanza. Dawa ni moja: andika fanksheni ikiwa bado haijarahisishwa, uandike masharti yake hapo hapo, ndipo uanze kufuta.

Unganisha sasa hayo mawili. Watu husema inversi ikiifuata fanksheni yake unarudi ulikoanzia. Jaribu na bustani kabla ya kukata domeni:

10 − √(100 − A(x)) = 10 − √((x − 10)²) = 10 − |x − 10|

Ile alama ya thamani kamili haiwezi kuachwa, kwa sababu kipeuo cha mraba hakitoi namba hasi. Ingiza 6, unapata 6. Ingiza 14, unapata 6 pia. Umeanza na 14 na hukurudi nyumbani. Ukiichora, grafu inapanda hadi 10 kisha inashuka, wakati ulitarajia mstari unaopanda tu. Nusu ile inayoshuka ndiyo tuliyoikata. Kwa x ≤ 10, |x − 10| ni 10 − x, na jibu linakuwa x kama ilivyoahidiwa.

Wengi wamekwisha kukutana na jambo hili sekondari bila kuambiwa jina lake. Chukua kalkuleta, iwe kwenye digrii, uulize sini ya 150. Ni 0.5. Sasa bonyeza sin⁻¹ ya 0.5. Inakuambia 30. Sini ina mawimbi yasiyoisha, kila thamani hujirudia, kwa hiyo ili kitufe cha sin⁻¹ kiwepo ilibidi domeni ikatwe: kutoka −90 hadi 90, ambapo sini inapanda kutoka −1 hadi 1 mara moja tu. Kosaini haikuweza kukatwa hapo. Kosaini ya −60 na ya 60 zote ni 0.5, na kati ya −90 na 90 haifiki chini ya sifuri hata mara moja. Kwa hiyo ilipewa kutoka 0 hadi 180.

Tofauti hiyo ina madhara kwenye pembetatu, na sijui kwa nini huwa haisemwi darasani. Pembe za pembetatu ziko kati ya 0 na 180. Ndani ya nafasi hiyo kosaini inashuka tu, kwa hiyo ukitafuta pembe kwa kanuni ya kosaini, kalkuleta inakupa jibu pekee. Sini inapanda kisha inashuka, kwa hiyo kanuni ya sini inakupa pembe ya chini ya 90 hata pale pembe halisi inapozidi 90. Chukua pembe A ya digrii 30, upande unaoitazama wa mita 5, na upande b wa mita 8. Sini ya B ni 8 × 0.5 ÷ 5, yaani 0.8. Kalkuleta inasema 53.13. Lakini 180 − 53.13 ni 126.87, na ukiijumlisha na 30 bado hujafika 180, kwa hiyo pembetatu hiyo nayo ipo. Upande wa tatu ni karibu mita 9.93 kwa ile ya kwanza na mita 3.93 kwa ya pili. Ukiwa umepima kiwanja kwa kamba na ukapata 3.93, weka pande zote tatu kwenye kanuni ya kosaini: utapata −0.6, na cos⁻¹ itakupa 126.87 moja kwa moja.